Grafu, kubadilisha na kuondoa: kwa nini zisifundishwe siku tatu tofauti

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa langu, nikakutana na ukurasa ulionifanya niweke kalamu chini. Swali lilikuwa na milinganyo miwili, 2x + 3y = 12 na x − y = 1. Kipengele (a) kilitaka jibu kwa grafu, kipengele (b) kwa njia ya kuondoa. Chini ya (a) binti mmoja alikuwa amechora kwa usafi kabisa, mistari imenyooka, akaandika x = 3, y = 2. Chini ya (b), kwenye ukurasa uleule, aliandika x = 11, y = 10, akapiga mistari miwili chini ya jibu kama tunavyowazoesha. Nikamwita, nikamwonyesha majibu yote mawili na kumuuliza kama haoni tatizo. Akayatazama kwa utulivu, kisha akasema: "Mwalimu, hiyo ni njia nyingine."

Kosa lake la hesabu nililiona mara moja, nalo ni la kawaida, nitalirudia baadaye. Kilichonikera ni ile sentensi, kwa sababu nilijua ilitoka wapi. Jumatatu niliwafundisha grafu, Jumatano kubadilisha, Ijumaa kuondoa. Kila siku na mifano yake, kila siku na kichwa chake cha habari kilichopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Binti huyu alikuwa amejifunza mada tatu zenye jina moja, na akaamini kwamba kila njia ina haki ya kuwa na jibu lake.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja kuhusu milinganyo ya pamoja kwa wanafunzi wa sekondari ya juu: njia zote tatu ziingie kwenye andalio moja la somo, juu ya jozi moja ya milinganyo, na zifungamane hatua kwa hatua. Walimu wengi hufanya "muunganisho" kwa kukokotoa swali lilelile mara tatu na kutangaza mwishoni kwamba majibu yamelingana. Huo ni muunganisho dhaifu. Mwanafunzi anaona sadfa tu, mabasi matatu yaliyofika kituo kimoja, lakini hajui barabara zilikutana wapi. Anachohitaji kuona ni kwamba hatua anayoiandika kwenye kuondoa ina picha yake kwenye grafu, na kwamba hatua ya kubadilisha ni ileile ya kuondoa iliyoandikwa kwa mwandiko mwingine.

Kabla ya yote, nieleze jozi yenyewe, kwa sababu nusu ya andalio iko hapo. Ile ya binti yule, 2x + 3y = 12 na x − y = 1, niliiokota tu kwenye zoezi siku hizo, lakini kila ninavyozidi kuitumia naiona ni dhahabu. Mistari yake inakutana kwenye (3, 2), nukta iliyo mbali na mihimili na iliyo rahisi kuisoma. Mlinganyo wa pili una x iliyo peke yake, kwa hiyo kubadilisha hakuleti sehemu. Kuondoa nako kunahitaji kuzidisha kwanza, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kupita kwa kutoa tu bila kufikiri. Na kuna siri nyingine ndani yake nitakayoifunua somo likifika katikati. Mwalimu anayechagua x + y = 5 na x − y = 1 anaokoa dakika tano, lakini anapoteza mambo haya karibu yote.

Ninapanga kipindi maradufu cha dakika 80. Grafu inachukua dakika 15 za mwanzo, wala siiongezei. Wanafunzi wa ngazi hii wameshachora mistari. Wanachohitaji ni kukumbushwa jambo moja wanalolisahau kila mara, nalo ni kwamba mstari ni mkusanyiko wa jozi zote zinazoutosheleza mlinganyo. Nawaambia wataje nukta tatu za 2x + 3y = 12. Wanataja (0, 4) na (6, 0) haraka, kisha wanasita, mpaka mmoja anagundua (3, 2). Kwa x − y = 1 wanataja (1, 0), (2, 1), (3, 2), (4, 3). Mara nyingi nukta ya makutano imeshatajwa kwenye orodha zote mbili kabla rula haijagusa karatasi. Nasimama hapo kidogo. Namba zilezile mbili zimetokea kwenye orodha mbili, na hiyo ndiyo maana nzima ya neno "pamoja". (Nimewahi kusikia watu wakiiita "milinganyo sambamba". Silipendi jina hilo, maana mistari sambamba ndiyo hasa isiyokutana.)

Mistari ikishachorwa, karatasi ya grafu inabaki juu ya meza mpaka mwisho wa kipindi. Hili nalisisitiza. Kwenye maandalio mengi grafu ni sehemu ya kwanza inayomalizika, inafungwa, na hesabu za herufi zinaanza kwenye ukurasa mpya. Hapa grafu ni uwanja ambao kila kinachofuata kitachezwa juu yake.

Kubadilisha nakuja nako kwa kutembea. Nawaambia waweke kidole kwenye mstari wa x − y = 1, kwenye nukta (1, 0), kisha wapande nukta kwa nukta bila kutoka nje ya mstari. Kila wanaposimama, wakokotoe thamani ya 2x + 3y mahali hapo. Kwenye (1, 0) wanapata 2. Kwenye (2, 1) wanapata 7. Kwenye (3, 2) wanapata 12. Kwenye (4, 3) wanapata 17. Wanaandika kwenye jedwali dogo pembeni mwa grafu, na karibu kila mara kuna anayeguta kabla ya wengine: "Inaongezeka tano tano!"

Inaongezeka tano kwa kila hatua ya y, ikianzia 2 pale y ilipo 0. Kwa hiyo anayetembea juu ya mstari huu akiwa kwenye kimo y, thamani anayoiona ni 5y + 2. Nauliza sasa: tunataka thamani gani? 12. Basi 5y + 2 = 12. Hapo ndipo ninapowaonyesha jinsi ya kuandika safari hiyo kwa herufi: aliye juu ya mstari wa x − y = 1 ana x = y + 1 kila wakati, kwa hiyo popote penye x katika 2x + 3y tunaweza kuandika y + 1, nasi tunapata 2(y + 1) + 3y, yaani 5y + 2. Alama zilezile walizozipata kwa kidole.

Faida ya njia hii inaonekana baadaye kwenye kosa ambalo kila mwalimu wa hisabati analijua. Mwanafunzi anatoa x = y + 1 kutoka mlinganyo wa pili, kisha anairudisha kwenye mlinganyo uleule wa pili. Anapata y + 1 − y = 1, yaani 1 = 1, na anabaki ameduwaa. Zamani nilikuwa namwambia tu kwamba "hairuhusiwi". Sasa namuuliza: umesimama kwenye mstari gani? Wa x − y = 1. Na unaukagua mstari gani? Huohuo. Ukitembea juu ya mstari na kuuliza kila hatua kama bado uko juu yake, utajibiwa ndiyo kila mara, wala hutajua ni wapi pa kusimama. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mara ya pili kwa nini 1 = 1 haimsaidii.

Kuondoa ndiko kunakostahili muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiko wanakokufanya kwa mazoea bila picha yoyote kichwani. Waulize wanafunzi wa kidato chochote: ukijumlisha milinganyo miwili unapata nini? Watakujibu "mlinganyo mwingine". Na huo mlinganyo mwingine ni nini kwenye grafu? Kimya. Lakini ni mstari, na mstari unaweza kuchorwa.

Basi tunaujumlisha na kuuchora. 2x + 3y = 12 pamoja na x − y = 1 inatoa 3x + 2y = 13. Hakuna herufi iliyoondoka, na kuna wanaolalamika kwamba tumefanya kazi bure. Nawaambia wachore hata hivyo: nukta (1, 5), nukta (5, −1), rula katikati. Mstari mpya unapita palepale kwenye (3, 2). Tunajumlisha x − y = 1 mara nyingine tena: 4x + y = 14, unaopita (2, 6) na (4, −2). Palepale tena. Hapa darasa linaanza kuchangamka, na mimi nanyamaza.

Sababu wanaweza kuieleza wenyewe wakipewa muda. Kwenye nukta (3, 2), upande wa kushoto wa mlinganyo wa kwanza ni 12 kamili na wa pili ni 1 kamili, kwa hiyo jumla yake ni 13, hakuna namna nyingine. Nukta iliyokuwa sahihi kwa milinganyo yote miwili haiwezi kukosa kuwa sahihi kwa jumla yake. Nukta nyingine za mistari ile ya mwanzo hazina kinga hiyo, zinabaki nyuma. Mstari mpya ni mwingine kabisa, ila umefungwa kwenye makutano kama mlango kwenye bawaba.

Kisha ile siri. Naandika ubaoni mlinganyo wa kwanza, na chini yake kila mara naongeza x − y = 1 moja zaidi; juu yake napunguza moja moja. Ubao unakuwa hivi:

0x + 5y = 10
1x + 4y = 11
2x + 3y = 12
3x + 2y = 13
4x + 1y = 14
5x + 0y = 15

Hakuna haja ya kusema mengi. Namba iliyo mbele ya x inapanda, ya y inashuka, ya kulia inapanda. Wakichora mistari yote sita kwenye karatasi ileile, wanaona mstari ukizunguka juu ya (3, 2): wa kwanza umelala, wa pili umeinama kidogo, unaofuata umeinama zaidi, mpaka wa mwisho umesimama wima. Uliolala ni 5y = 10, yaani y = 2. Uliosimama ni 5x = 15, yaani x = 3. Na "kuondoa herufi" ni jina tu la kuuzungusha mstari mpaka ulale au usimame. Ukilala, unasomwa kwenye mhimili wa y; ukisimama, unasomwa kwenye mhimili wa x. Mistari mingine minne nayo ilibeba jibu lilelile, ila imeinama na haiwezi kusomwa kwa jicho moja.

Ndiyo maana sipendi usemi wa "tunaua x". Unachekesha darasa, nakubali, lakini unaacha picha ya kwamba x imetoweka duniani. Haijatoweka. Mstari y = 2 una nukta zenye kila x unayoitaka; tumepata tu mstari ambao haujali x ni ngapi.

Nafasi ya kufungamanisha kuondoa na kubadilisha iko kwenye mstari huo uliolala. Wakati wa kutembea tulipata 5y + 2 = 12, yaani 5y = 10. Wakati wa kuzungusha tumepata 5y = 10. Nauliza kama ni bahati. Wengine wanasema jibu ni moja kwa hiyo lazima, lakini hoja hiyo haitoshi, kwa sababu y = 2 ingeweza kufikiwa kupitia 3y = 6 au 7y = 14. Mbona ni 5y = 10 hasa? Wakizitazama hatua kwa karibu wataona. Katika kubadilisha tuliondoa 2x na kuweka 2y + 2. Ruhusa ya kufanya hivyo ilitoka kwenye x = y + 1 iliyozidishwa kwa 2, yaani 2x = 2y + 2, ambayo ni 2x − 2y = 2 iliyopangwa upya. Na katika kuondoa tulitoa 2x − 2y = 2. Ni tendo lilelile. Kubadilisha ni kuondoa ambako kuzidisha na kutoa vimefanyika ndani ya mabano bila kutangazwa.

Sehemu hii ikipita vizuri, makosa yanapata sura mpya, na hapa namrudia binti yangu. Alizidisha mlinganyo wa pili kwa 2 akapata 2x − 2y = 2, sahihi kabisa. Akatoa: 2x kwa 2x imekwisha, 3y na −2y akaandika y, kwa kuwa aliiona 2 bila kuiona alama yake, 12 kutoa 2 ni 10. Kwa hiyo y = 10, na x = 11. Kwa mtazamo wa zamani hili ni kosa la alama, na dawa yake ni kumwambia awe makini, dawa ambayo haijawahi kumponya mtu. Kwa mtazamo wa mistari, amechora mstari uliolala juu kabisa, kwenye kimo cha 10, wakati makutano yapo kwenye kimo cha 2. Mstari wowote unaotokana na kujumlisha au kutoa milinganyo hii lazima upite (3, 2). Wake haupiti. Kwa hiyo kuna kitu kimevunjika katika hatua ile, si kabla wala si baada yake.

Kosa jingine ni gumu zaidi kuliona kwa macho. Mwanafunzi anazidisha upande wa kushoto na kuusahau wa kulia, anaandika 2x − 2y = 1. Akiendelea anapata 5y = 11, y = 2.2, jibu lililo karibu sana na ukweli kiasi kwamba anaweza kulisingizia penseli. Nawaambia wachore 2x − 2y = 1 pembeni ya x − y = 1. Ina mteremko uleule, lakini imesogea pembeni. Inakata mhimili wa x kwenye 0.5 badala ya 1. Ukizidisha mlinganyo wote, mstari unabaki ulipokuwa, kwa sababu jozi zilizoutosheleza ni zilezile. Ukizidisha upande mmoja, umeuhamisha mstari na sasa unatatua swali la mtu mwingine. Kanuni ya "kinachofanyika huku kifanyike na kule" wameisikia tangu wakiwa wadogo; hapa wanaona kwa milimita kinachotokea ikivunjwa.

Nakubali kwamba andalio hili lina gharama. Mwanafunzi ambaye bado anahangaika kupanga nukta kwenye mihimili atachoka kabla mstari wa tatu haujachorwa, na kwa huyo mimi hutoa karatasi yenye mihimili iliyokwishachorwa, bila aibu yoyote. Pia dakika 80 hazitoshi kwa mistari sita kila mtu achore yote. Nawagawa kwenye vikundi, kila kikundi kinachora miwili ya mwanzo na mmoja wa nyongeza, kisha tunaikusanya ubaoni. Na mazoezi ya kukokotoa kwa kasi hayamo kabisa. Yanakuja kipindi kinachofuata, na lazima yaje, kwa sababu picha bila mkono uliozoea nayo haifiki mbali.

Kipindi hicho kinachofuata nakianza kwa jozi yenye nia mbaya: 3x + 4y = 10 na 5x − 2y = 3. Nawaambia wachore na kusoma. Waliochora vizuri wanasoma x = 1.2 na y = 1.6. Nawaambia wahakiki. Wengi wanahakiki kwenye mlinganyo wa kwanza tu: 3.6 + 6.4 = 10. Kamili! Wanafunga daftari. Nangoja. Mwishowe kuna mmoja anayejaribu wa pili: 6 − 3.2 = 2.8, si 3.

Nilitafuta sana mpaka nikapata jozi ya namna hii. Nukta (1.2, 1.6) iko juu ya mstari wa kwanza hasa, ila haiko juu ya wa pili, na jicho kwenye karatasi ya grafu haliwezi kuzitofautisha. Hapo hoja mbili zinaingia kwa mpigo mmoja: kuhakiki mlinganyo mmoja ni kuuliza kama uko juu ya mstari mmoja, na swali lilikuwa kuhusu miwili, na grafu ina mwisho wa uwezo wake. Wakizidisha wa pili kwa 2 na kujumlisha wanapata 13x = 16. Jibu ni x = 16/13, ambayo ni kama 1.23, na y = 41/26, kama 1.58. Hakuna rula itakayosoma sehemu ya kumi na tatu. Ila grafu haikuwa bure: aliyekokotoa na kupata x = 4 anajua papo hapo kwamba amekosea, kwa kuwa makutano aliyaona kati ya 1 na 2.

Baada ya hapo nawapa 2x + 3y = 12 na 4x + 6y = 20. Wanazidisha wa kwanza kwa 2, wanatoa, wanabaki na 0 = 4, na mikono inainuka: "Nimekosea wapi?" Hujakosea. Tembea juu ya mstari wa kwanza na ukokotoe 4x + 6y: kwenye (0, 4) ni 24, kwenye (3, 2) ni 24, kwenye (6, 0) ni 24. Kila mahali ni 24, nawe unaitafuta 20. Hutaipata hata ukitembea mpaka kesho. Na swali likibadilishwa 20 iwe 24, kila nukta unayosimama inafaa, ndiyo maana inabaki 0 = 0. Wanafunzi hupenda sana kuiandika 0 = 0 kama x = 0, y = 0; nukta (0, 0) haimo hata kwenye mstari wenyewe, na kuwaambia waitafute kwenye grafu yao kunatosha.

Kwa ngazi hii siwezi kuacha mstari na duara, kwa kuwa hapo ndipo wanapojua kwa nini tunabeba njia zaidi ya moja. Nabaki na x − y = 1 ileile na kuweka x² + y² = 13. Kutembea kunaendelea kama zamani: kwenye (1, 0) thamani ya x² + y² ni 1, kwenye (2, 1) ni 5, kwenye (3, 2) ni 13. Wakigeuka na kushuka, kwenye (0, −1) ni 1, kwenye (−1, −2) ni 5, kwenye (−2, −3) ni 13 tena. Mara hii haiongezeki kwa kiasi kimoja, nayo 13 imefikiwa mara mbili. Kwa herufi, (y + 1)² + y² = 13 inakuwa y² + y − 6 = 0, yenye y = 2 na y = −3. Wanaojaribu kuondoa, kwa mfano kwa kutoa 2x − 2y = 2, wanapata x² + y² − 2x + 2y = 11. Ile bawaba haijavunjika, kwa kuwa hilo ni duara jingine linalopita kwenye nukta zilezile mbili. Lakini hakuna herufi iliyoondoka, na ukiendelea kutoa mstari ule mara nyingi unavyotaka, haitaondoka, maana x² haifutwi na x.

Turudi kwenye kipindi cha kwanza, kwa sababu dakika zake kumi za mwisho sijazisema. Sitoi swali la kutatua. Natoa milinganyo minne: 7x − 2y = 17, 5y = 10, x + 4y = 12 na y = 10, kisha nauliza ni ipi ingeweza kutokea kwa kuzidisha, kujumlisha na kutoa ile jozi yetu ya mwanzo, na waeleze bila kuitatua upya. Anayeweka (3, 2) kwenye kila mmoja na kukataa wa tatu na wa nne ameelewa. Anayeanza kutafuta imezidishwa kwa ngapi anaweza kufika, ila amechukua njia ndefu, na kesho yake nitakaa karibu naye. Anayekubali x + 4y = 12 kwa sababu "inafanana na ile ya ubaoni" ameukariri mpangilio wa namba badala ya mistari.

Mara ya kwanza nilipolitoa swali hili, nilimpa na yule binti, ambaye wakati huo alikuwa bado darasani kwangu. Hakuandika hesabu yoyote. Alichukua rula, akatafuta kimo cha 10 kwenye karatasi yake, akakuta mhimili wake uliishia 7. Akaongeza mhimili kwa penseli hadi juu kabisa, akachora mstari uliolala pale, akautazama kwa muda. Kisha akaandika pembeni: "Huu wa mwisho ni wangu wa siku ile. Haupiti."